Kumbukumbu ya pendekezo la uzamifu: leo ni kisu kwenye tamko la tatizo

Leo sikuongeza hata aya moja, nimeshinda nikikata tu. Pendekezo langu ni la idara ya Kiswahili, linahusu upatanisho wa kisarufi kwa wanafunzi wa sekondari huku Maseno, mpakani kabisa mwa Kisumu na Vihiga, mahali ambapo Mjaluo na Mnyore wanakaa dawati moja. Msimamizi alisoma tamko la tatizo akaniuliza, "Sasa hapa unadai nini, mwalimu?" basi nikarudi kwenye meza.

Drafti ilikuwa inaenda hivi:

"Katika dunia ya leo lugha ni chombo muhimu cha mawasiliano. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Licha ya hayo, inaonekana kwamba huenda baadhi ya wanafunzi wanakumbana na changamoto mbalimbali za kisarufi kwa kiasi fulani, na inaweza kusemwa kwamba lugha ya kwanza ni mojawapo ya sababu zinazoweza kuchangia. Ni tafiti chache, kama zipo, zilizoshughulikia suala hili katika eneo la Maseno."

Sentensi mbili za kwanza zilienda haraka, hiyo Katiba nimeihamishia kwenye usuli. "Changamoto mbalimbali" nayo ni gunia, mtu anaweza kutia chochote ndani, kwa hivyo nimeweka makosa yenyewe: mtoto anaandika "kitabu yangu" badala ya "kitabu changu", "viti hizi" badala ya "viti hivi". Hiyo jopo wataiona bila kuelezwa.

Kazi ngumu ilikuwa ile sentensi ya sababu. Nilibonyeza Ctrl+F nikatafuta "huenda", "inaweza", "kiasi fulani", "mojawapo", nikafuta zote bila huruma kisha nikasoma kilichobaki: lugha ya kwanza inasababisha makosa haya. Ikabaki uchi hivyo, na hapo ndio unaona haisimami, kwa sababu Kijaluo kweli hakina ngeli za Kibantu, lakini Kinyore kinazo, na mtoto wa Kinyore pia anakwambia "kitabu yangu" mchana kweupe. Kama lugha ya nyumbani ndiyo sababu, mbona huyu naye? Labda wote wawili wanakopi Kiswahili cha stendi na sokoni, ambapo "yangu" inafanya kazi ya kila ngeli. Yaani pengo lenyewe la utafiti lilikuwa limelala chini ya zile "huenda" zote, na mimi nilikuwa nalitafuta kwa kuongeza maneno.

Nikarudia tasnifu nilizosoma nikiwa na swali hilo moja: zilichunguza nani? Zinachukua kundi moja la lugha, zinahesabu makosa, halafu zinasema ni athari ya lugha ya kwanza. Bila kundi la pili la kulinganisha huwezi kujua. Hilo lina nguvu kuliko "eneo la Maseno", kwa sababu kama pengo lako ni ramani tu mtu wa jopo atauliza kwani watoto wa Maseno wana ubongo gani tofauti.

Sasa inasomeka hivi:

"Baadhi ya wanafunzi wa sekondari huandika 'kitabu yangu' na 'viti hizi'. Tafiti zilizopitiwa hapa zinahusisha makosa haya na lugha ya kwanza, lakini kila moja ilichunguza kundi moja la lugha, kwa hivyo haziwezi kutenganisha athari ya lugha ya kwanza na athari ya Kiswahili ambacho wanafunzi wote husikia nje ya darasa. Utafiti huu unalinganisha wazungumzaji wa Kijaluo na wa Kinyore wanaosoma darasa moja."

Si kila neno la tahadhari ni la kutupwa lakini. "Tafiti zilizopitiwa hapa" nimeiacha makusudi, ukiandika "hakuna utafiti wowote" kuna mtu ataitoa tasnifu moja kwenye begi siku ya kutetea na umekwisha. "Baadhi ya" nayo nikiifuta inageuka kuwa wanafunzi wote wa Kenya, ambayo si kweli, kwa hivyo itabidi nitaje ni shule gani za kutwa na kidato gani, hapo "baadhi" itapata kazi ya kufanya ama itoke.

Nimetuma. Msimamizi amejibu na swali moja tu: mtoto ambaye mama ni Mjaluo na baba Mnyore, na wako wengi hapa, utamweka kundi gani? Drafti ya zamani haingeulizwa hivyo, ilikuwa imefunikwa. Nafikiria niulize lugha anayoongea na waliomlea kabla ya kuanza shule, halafu wale wa lugha mbili wawe kundi la tatu, ila hapo sampuli inapanda na bajeti yangu ni ya boda boda. Kesho naanza na dodoso la lugha ya nyumbani, tamko la tatizo silishiki tena mpaka hilo liishe.