Chanjo ya pepopunda iliyoganda: jinsi nilivyoigundua

Asubuhi moja kirekodi joto cha friji kilionyesha nyuzi −3 kwa saa kadhaa usiku, wakati chanjo inatakiwa ikae kati ya +2 na +8. Kiashiria kwenye kichupa kilikuwa safi kabisa, lakini hicho hupima joto tu, baridi hakijui.

Chanjo ya pepopunda ina chumvi ya alumini. Ikiganda, chembe zake hushikana na nguvu hupotea, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima.

Nikachukua kichupa cha toleo lilelile, nikakigandisha makusudi hadi kikawa barafu, kisha nikakiacha kiyeyuke. Nikakishika mkono mmoja pamoja na kile nilichokitilia shaka, nikavitikisa, nikaviweka mezani bila kuvigusa. Chembe za kile nilichokigandisha zilianza kutua haraka, maji juu yakawa safi. Za kile cha shaka nazo zikatua vilevile, kumbe nacho kiliganda! Shehena yote nikaitenga isitumike.

Chanzo? Kirekebisha joto kilikuwa kimezungushwa kwenye baridi kali, na vichupa vilibanwa kwenye ukuta wa jokofu. Nilikirudisha, nikavihamishia kwenye kapu la katikati.