Barua ya Amma

Julai 1999 nilikuwa na wiki tatu tu Hyderabad. Nilikuwa nimetoka Tanga kwa ufadhili wa Serikali ya India, nikapangiwa bweni la wasichana, chumba kimoja na binti wa Kimalayali ambaye kwao ni Thrissur, katika jimbo la Kerala. Jina lake silitaji. Nitamwita Mol, kwa kuwa ndivyo mama yake alivyomwita, na kwa Kimalayalam maana yake ni binti.

Siku ya kwanza alinipokea mlangoni kwa "Hujambo?" Nilibaki nimeshika begi. Kumbe alikulia Masqat, baba yake akifanya kazi huko, na jirani yao alikuwa bibi mmoja wa Kiomani aliyezaliwa Unguja ambaye nyumbani kwake kilisemwa Kiswahili asubuhi hadi usiku. Mol alikuwa amebaki na maneno kama kumi hivi, mengi ya kula. Baba bado alikuwa Masqat. Mama alikuwa amerudi Thrissur kumtunza mkwe wake aliyezeeka, na ni yeye aliyemsindikiza Mol stesheni, naye Mol akapanda treni ya kuvuka majimbo kuja Hyderabad, safari ya usiku mzima na zaidi.

Barua ya mama yake, Amma kwa lugha yao, ilifika Jumatano jioni. Ilikuwa ile karatasi ya buluu ya posta ya India, ambayo ndiyo karatasi na ndiyo bahasha: unaandika, unaikunja, unalowesha gundi ya kingoni, basi. Ndani hakuruhusiwi kutiwa kitu kingine. Nilizijua karatasi za namna ile, maana mama yangu naye aliniandikia kwenye barua za ndege za buluu, na alinifundisha kuzifungua kwa kisu polepole, kwa sababu mwanamke mwenye mengi ya kusema huandika hadi kwenye kikunjo cha gundi. Mol hakujua. Alichana kwa kidole, upande mmoja, wa pili, wa tatu, akaifungua juu ya kitanda na kukaa kimya.

Nilidhani kuna msiba. Nikamuuliza, "Kuna nini nyumbani?"

"Sijui," akasema. "Siwezi kusoma."

Kimalayalam alikisema vizuri, ndicho alichonyonya nacho. Lakini shule ya Masqat ilimfundisha kwa Kiingereza na Kihindi, na herufi za kwao alijifunzia nyumbani, kwenye kitabu cha watoto. Vichwa vya habari vya gazeti alivisoma kwa kuvuta. Mwandiko wa mama yake ulikuwa jambo jingine. Nilisogea kuutazama: mistari imebanana, herufi zote mviringo, pete juu ya pete, kama mtu aliyetandaza ushanga kwenye mkeka. Husemwa kwamba uviringo ule ulitokana na kuandika kwa kalamu ya chuma juu ya jani la mvumo, maana mstari ulionyooka hulipasua jani.

Nikamwambia ampigie simu amwulize. Palikuwa na kibanda cha simu nje ya lango, chenye kibao cha njano na tarakimu nyekundu zinazokimbia huku unaongea. Akakataa katakata. "Nimwambie Amma kwamba siwezi kusoma barua yake?" Alikuwa anakaribia kulia, na nilimwelewa.

Tukamkumbuka nesi wa zahanati ya chuo. Hospitali nyingi za India utakuta wauguzi wa Kimalayali, na yule wa zamu ya jioni alikuwa mmoja wao, mama wa miaka hamsini hivi, ambaye wasichana wa Kerala walimwita *chechi*, yaani dada mkubwa. Tulimkuta akipanga chupa za dawa. Mol akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili. Chechi akavaa miwani, akatazama mstari wa kwanza na kutabasamu.

"Mama yako kasoma shule kabla ya mageuzi," akasema.

Akatueleza pale pale, kwenye benchi la wagonjwa. Zamani irabu *u* ilijiunga na kila konsonanti kwa namna yake. *Ku* ilikuwa umbo moja, *ru* umbo jingine, *nu* jingine tena, na konsonanti mbili zikikutana ziliungana kuwa herufi mpya. Maumbo yalifika mamia, na mashine ya chapa haikuweza kuyabeba yote. Mwaka 1971 serikali ya Kerala ikapunguza: *u* ikatengwa, ikawa alama yake peke yake inayofuata konsonanti. Vitabu vya shule vikafuata. Watu wazima mikono yao haikubadilika. Mol alijifunza herufi za baada ya 1971, na mama yake aliandika za kabla.

Chechi akachukua kalamu, akaonyesha neno bila kuligusa. "Hili hulijui?"

Mol akatikisa kichwa.

"Hii *ka*, umeiona? Sasa tazama mkia uliojikunja chini yake. Mkia huo ndio *u*. *Ku*. Endelea."

"*Ku… tti*," Mol akasoma, akafunika mdomo. *Kutti* ni mtoto. Ndilo neno aliloitiwa kila siku ya maisha yake, na hakuwahi kuliona limeandikwa na mkono wa mama yake.

Kisha Chechi akasoma barua yote kwa sauti, na Mol akanitafsiria sentensi kwa sentensi. Ilianza: huku sisi sote wazima, nasi twatumaini na huko ni hivyo hivyo. Nilishtuka, kwa sababu barua za mama yangu zilianza vivyo hivyo, sisi hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali. Hata neno lao la barua, *kattu*, asili yake ni lile lile la Kiarabu lililotupa sisi neno hati. Bahari moja imetuletea.

Tarehe ilikuwa ya kalenda yao, mwezi wa Karkidakam mwaka 1174, mwezi wa mwisho wa mwaka, wa mvua nzito na ghala tupu. Bibi, aliandika, anasoma Ramayana kila jioni mbele ya taa kama ada ya mwezi huo, na akifika katikati husahau mstari na kuuliza Mol yuko wapi amkumbushe. Mfenesi wa nyuma ya jiko umeangushwa na upepo. Hilo alilipitia kwa mstari mmoja.

Halafu yakaja maagizo, na hapa Amma hakuwa na haraka hata kidogo. Maji ya Hyderabad, amesikia, ni ya visima virefu, sabuni haitoi povu na nywele hukatika. Kwa hiyo Mol apake mafuta ya nazi kabla ya kuoga, asioshe kichwa usiku, na akishakausha nywele vizuri achukue *rasnadi podi* kidogo, kiasi cha ncha za vidole viwili, ausugue utosini mpaka utosi upate joto. Ni unga wa mitishamba, rangi ya udongo, na kule Kerala hausuguliwi utosini mwa watoto tu, hata watu wazima huutumia baada ya kuoga ili baridi isiwaingie kichwani. Mol alikuwa na kopo lake kwenye kabati. Nilikuwa nimedhani ni tumbaku ya kunusa.

Unga wa nazi iliyokaangwa na pilipili aliofungiwa aumalize ndani ya mwezi, kwa sababu nazi ikikaa huchacha. Atajua kwa harufu kabla ya ladha. Kijiko cha achari kiwe kikavu, tone moja la maji likiingia, ukungu utafuata. Wali mweupe wa huko tumbo lake litaukataa mwanzoni, maana amezoea ule mwekundu wa kwao, wenye punje nene, unaochemshwa na maganda yake kabla ya kukobolewa. Likimkataa asinywe dawa ovyo, aombe jikoni uji wa mchele wenye chumvi, ale na choroko.

Mol alikuwa akitafsiri huku machozi yanamshuka, na katika barua nzima hapakuwa na neno moja la huzuni. Palikuwa na mafuta, utosi, kijiko kikavu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kulia mahali pa kijiko, kwa sababu mama yangu aliniambia maneno yale yale kuhusu achari ya ndimu.

Ukurasa ulipojaa Amma alikuwa amegeuza karatasi na kuandika pembeni, kisha akapanda kwenye kikunjo. Chechi naye akaigeuza, akasoma: "Mole, siku ile stesheni, treni ilipoanza kutembea, ulisema…" Akanyamaza. Maneno yalikuwa yameishia mahali Mol alipochana.

"Kipande kiko wapi?"

Tulikimbia. Kapu la taka chumbani lilikuwa tayari limemwagwa na mfagiaji. Tulipekua chini ya vitanda, tukakung'uta shuka, nikaenda hadi kwenye pipa la korido. Mwishowe Mol alivua ndara ili apande juu ya kiti, na ukanda wa buluu ulikuwa umenata chini ya ndara kwa gundi yake, mrefu kama kidole na mwembamba kama utambi.

Saa ya kufunga bweni ilikuwa imefika, kwa Chechi hatukuweza kurudi. Mol aliulowesha kwa maji, akaubandua taratibu kwa ukucha, akauweka kwenye daftari chini ya taa. Nikamshikia karatasi kuu, tukapanga mpasuko kwa mpasuko mpaka pete zilizokatika zikakutana.

"*Po*," akasoma. Akakaa. Akautafuta mkia. "*Ku. Pokunnu*." Ninaenda.

Ndivyo alivyosema dirishani. Akaendelea, kidole kikitembea, neno moja kwa pumzi tatu. Mama yake alikuwa ameandika kwamba mtu anayetoka nyumbani kwao hasemi ninaenda. Husema *poyi varaam*, nitakwenda nije. Kwamba yeye siku ile hakumrekebisha kwa sababu treni ilikuwa inatembea, na tangu hapo lile neno linamkaa kooni. Kisha salamu ya mwisho ya barua nyingi za Kimalayalam, *ennu swantham Amma*: ni mimi, Amma wako mwenyewe.

Tulikaa pale mpaka taa za korido zilipozimwa. Kesho yake Mol alinunua posta karatasi ya buluu. Aliandika kwa penseli kwanza, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, akazipitia kwa wino usiku. Kila penye *ku* aliinama karibu kabisa na karatasi na kuuchora mkia wa mama yake, sio ule wa kitabuni. Mstari wa kwanza, juu ya salamu, uliandikwa *poyi varaam, Amme*, na alikuwa ameuacha peke yake, na nafasi tupu chini yake.