Oda ya mkandarasi: mauzo yalipanda, faida ikapanda, na pesa ya saruji ingekwisha Julai

Ninafyatua matofali ya saruji ya inchi 6 hapa Nala, Dodoma. Mkandarasi mmoja aliponiletea oda ya miezi mitatu, kuanzia Juni, nilikaa na daftari kwanza kabla ya kumjibu. Hesabu niliyopiga ndiyo ninayoieleza hapa, maana wafyatuaji wengi wanaokua wanakwama pale pale: wanaangalia mauzo, wanaona faida, halafu Jumatatu hawana pesa ya saruji.

Nianze na gharama ya tofali moja. Mfuko wa kilo 50 naununua 17,000 na unanipa matofali 30, kwa hiyo saruji ni kama shilingi 570 kwa tofali. Mchanga ni 300, mfyatuaji namlipa 150, maji ya kumwagilia na kupakia ni 80. Jumla 1,100. Wateja wa rejareja, wanaojenga nyumba zao, wanachukua matofali 6,000 kwa mwezi kwa bei ya 1,500 na wanalipa wanapopakia. Hayo ni mauzo ya milioni 9 kwa gharama ya milioni 6.6.

Kila mwezi kuna pia milioni 1.2 ya kodi ya kiwanja, mlinzi na umeme wa mashine. Mkopo wa mashine narejesha laki 5: laki 4 ni deni lenyewe, laki 1 ni riba. Hapa faida na pesa zinaanza kuachana. Kwenye faida natoa riba tu, halafu natoa laki 2 ya uchakavu wa mashine ingawa mwezi huo hakuna ninayemlipa. Kwenye pesa natoa rejesho lote la laki 5, na uchakavu hauhusiki. Ndiyo maana rejareja peke yake inanipa faida ya laki 9 lakini pesa inayobaki ni laki 7.

Mkandarasi alitaka matofali 4,000 Juni, 6,000 Julai na 8,000 Agosti, kwa 1,400 kila moja, na kulipa baada ya siku 60. Tofali moja linaacha 300. Kwa kuangalia mauzo, oda ni tamu: Juni milioni 14.6, Julai 17.4, Agosti 20.2. Faida nayo inapanda vizuri, kutoka milioni 2.1 hadi 2.7 hadi 3.3, jumla milioni 8.1 kwa miezi mitatu. Mtu akikwambia biashara hiyo ina hasara, atakuwa amekosea.

Sasa fuata pesa, tuseme sanduku na benki vina milioni 6 mwanzoni mwa Juni. Juni inaingia milioni 9 ya rejareja tu. Inatoka milioni 11 ya kufyatua matofali 10,000, milioni 1.2 ya uendeshaji na laki 5 ya rejesho. Zinabaki milioni 2.3. Julai inaingia tena milioni 9, inatoka 14.9, na unahitaji milioni 3.6 ambazo huna. Agosti mkandarasi analipa milioni 5.6 za Juni, lakini matofali ya mwezi huo ni mengi zaidi, kwa hiyo pengo linafika milioni 6.1. Faida ya milioni 8.1 imepatikana kweli, na pesa imepungua kwa milioni 12.1.

Tofauti hiyo haijapotea. Mwisho wa Agosti mkandarasi anadaiwa milioni 19.6, yaani mzigo wa Julai na Agosti. Ukichukua faida 8.1, ukarudisha uchakavu wa laki 6, ukatoa milioni 1.2 za deni la mashine na 19.6 zilizo kwake, unapata pungufu ya 12.1 kamili. Mimi hufanya ulinganisho huu kila mwisho wa mwezi. Hesabu zisipolingana, kuna deni halijaandikwa au kuna pesa imetoka bila karatasi.

Na hali halisi ni ngumu kuliko hesabu hiyo, kwa sababu nimefanya kana kwamba tofali linafyatuliwa na kupakiwa mwezi ule ule. Mimi siachii tofali kabla ya siku 14. Kwa jua na upepo wa Dodoma, tofali lisilomwagiliwa asubuhi na jioni wiki ya kwanza linakauka juu kabla saruji haijashika, na pembe zinameguka wakati wa kupakia. Kwa hiyo kila ninapoongeza uzalishaji, pesa ya wiki mbili inalala uwanjani kabla hata siku 60 hazijaanza kuhesabiwa.

Sikuikataa oda. Nilimwomba mkandarasi alete saruji yake, mimi nitoe mchanga, mashine na watu. Bei ikawa 830 kwa tofali, gharama yangu 530, na 300 yangu ikabaki pale pale. Tulipima pamoja kwamba mfuko mmoja ni matofali 30, tukaandika, na mifuko mitupu inahesabiwa kila jioni ili pasiwe na ubishi.

Angalia kinachotokea. Mauzo ya miezi mitatu yanashuka kutoka milioni 52.2 hadi kama 41.9. Faida ni ile ile, milioni 8.1. Pesa inabaki milioni 4.58 mwisho wa Juni, 2.1 Julai na 1.88 Agosti, bila kukopa hata shilingi. Mauzo madogo, pesa salama zaidi. Kwake pia si hasara, kwani ananunua saruji kwa jumla, kwa bei nafuu kuliko mimi.

Kuna jambo la VAT ambalo wengi hulisahau. Mauzo ya milioni 20 kwa mwezi yanakupeleka juu ya kiwango cha milioni 200 kwa mwaka cha kujisajili. Ukishasajiliwa, VAT ya ankara inatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, wakati mteja wako bado ana kati ya siku 10 na 40 hivi za kukaa na pesa, kutegemea tarehe ya ankara. Kodi inafuata ankara, haisubiri ulipwe. Anayeuza kwa mkopo wa siku 60 lazima aiweke hiyo kwenye hesabu.

Jambo jingine ni malipo ya awali. Mteja wa rejareja akikupa milioni 2 leo achukue matofali mwezi ujao, sanduku limejaa lakini hujauza chochote. Ni deni la matofali. Mimi naliandika ukurasa wake, kwa wino mwekundu, na halitumiki kulipa wafyatuaji wa oda nyingine. Dalili ya kwanza ya biashara inayokaribia kukwama ni hiyo: mishahara ya Jumamosi inalipwa na malipo ya awali ya mteja mpya.

Daftari langu la pesa lina wiki nane mbele, safu moja kwa kila wiki: iliyopo, itakayoingia, itakayotoka, itakayobaki. Tarehe ya kuingia siandiki ile ya kwenye ankara. Naandika ile ambayo mteja huyo hulipa kweli. Akizoea kuchelewa siku 10, nazisogeza 10. Kiwango changu cha chini ni milioni 1.6, ambayo ni mchanga na ufyatuaji wa wiki moja kwa matofali 3,500. Wiki yoyote ikionyesha itashuka chini ya hapo, nampigia mkandarasi mapema, na lori lake la pili halipakiwi mpaka ankara iliyoiva ilipwe. Sharti hilo liko kwenye mkataba tangu siku ya kwanza.