Kadi ya pembeni ya kununulia mtandaoni: nilivyoanza na ninavyoitumia

Februari 2023, saa tisa usiku, meseji mbili za benki ziliingia kwenye simu yangu zikifuatana. Shilingi 186,000 zimetoka, kisha 243,000 zimetoka. Kadi yenyewe ilikuwa kwenye droo ya meza ya kukatia vitambaa, haijaguswa wiki nzima. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye mlango wa tawi. Dada wa huduma kwa wateja alipofungua taarifa ya akaunti alinionyesha kitu nisichokigundua: siku mbili nyuma kulikuwa na makato ya dola 1, duka nisilolijua.

"Hiyo ndiyo walikuonjea, dada," akaniambia. "Wakiona dola moja imepita, wanajua kadi iko hai. Wanarudi na kubwa."

Hakuna aliyeiba kadi. Waliiba namba zake, kutoka mahali fulani nilipowahi kununua. Nilijaza fomu ya kupinga muamala na fedha zikarudi baada ya wiki saba, lakini wiki hiyo ya kwanza mafundi wangu wawili hapa Tanga walikaa bila malipo yao ya Jumamosi, na hilo liliniuma kuliko fedha zenyewe. Akaunti niliyokuwa nikilipia vitu mtandaoni ndiyo hiyohiyo niliyowekea mishahara na kodi ya fremu.

Siwezi kuacha kununua mtandaoni. Miguu ya cherehani ya ovaloki, sindano za aina fulani na vifaa vidogovidogo, vingine hapa huvipati, au unavipata kwa bei mara tatu. Kwa hiyo nikafungua kadi ya mtandaoni, ile isiyo na plastiki: namba 16, tarehe ya mwisho na namba tatu za usalama, CVV, vyote unavisoma kwenye simu. Niliyochagua ina salio lake peke yake. Fedha haziingii humo mpaka nizisukume mwenyewe kutoka kwenye pochi ya simu. Hilo ndilo nililolitafuta. Kadi kuwa ya mtandaoni pekee hakumzuii mwizi. Kinachomzuia ni kukuta hakuna kitu.

Ununuzi wa kwanza mkubwa ulinifundisha kwa taabu kidogo. Oda ilikuwa dola 50.50 pamoja na usafirishaji. Siku hiyo dola ilikuwa kama shilingi 2,600, ambayo ni 131,300, lakini bei ya dola ya kadi huwa juu ya ile unayoiona kwenye taarifa za habari. Nikajaza 140,000, na kweli muamala ukapita kwa shilingi 136,500 hivi, likabaki salio la 3,500. Tangu hapo hujaza asilimia tano au sita juu ya hesabu yangu. Ukijaza kamili, kadi inakataliwa.

Siku nne baadaye duka likaandika kwamba malipo yamekataliwa. Nilishtuka, maana fedha zilikwisha toka. Nilikaa na simu mpaka nikaelewa. Unapolipa, duka kwanza linashikilia kiasi, halichukui. Linachukua pale mzigo unapotoka. Oda yangu waliigawa vifurushi viwili. Cha kwanza cha dola 31 walikichukulia fedha kwenye ile iliyoshikiliwa, lakini cha pili cha dola 19.50 waliomba upya, huku shilingi 52,700 za mwanzo zikiwa bado zimeshikiliwa. Kwa hiyo kadi ilikuwa na 3,500 tu za kutumia. Ikabidi nijaze 55,000 nyingine ili kifurushi kitoke. Baada ya kama wiki moja zile 52,700 ziliachiwa zenyewe, nami nikarudisha 55,000 kwenye pochi. Ukiona kwenye orodha ya miamala neno "Pending", ujue ni fedha iliyoshikiliwa. Usiihesabu kuwa imeliwa, wala usiihesabu kuwa yako.

Niliacha zile 3,500 humo kwa uvivu. Novemba 2024 zikawa na kazi. Mchana, napima mteja, meseji ikaingia: dola 1 imekatwa. Dakika chache baadaye nyingine: dola 89.99, imekataliwa, salio halitoshi. Kisha tena, imekataliwa. Mtindo uleule wa mwaka uliopita, ila safari hii walichopata ni shilingi 2,700.

Watu wengi wakiona "imekataliwa" wanapumua na kuendelea na shughuli. Mimi nasema hapo ndipo pa kusimama. Muamala uliokataliwa ambao hukuuanzisha una maana namba zako ziko mikononi mwa mtu, na atarudi siku ukijaza. Nikaisimamisha kadi palepale. Kwa kuwa nilikuwa nimeitumia kwenye maduka mawili tu, mtuhumiwa hakuwa mbali, na sasa kila duka lina kadi yake. Kutengeneza mpya ni suala la dakika chache.

Binamu yangu yuko Mombasa, anatumia M-PESA GlobalPay, ile kadi ya Visa ambayo Safaricom waliizindua 2022. Yake inafanya kazi tofauti: inakata moja kwa moja kwenye salio la M-PESA, na CVV inakuja kwa ujumbe, inaishi nusu saa tu. Aliamini nusu saa hiyo inamlinda na kila kitu. Inamlinda sana na mwizi aliyenakili namba akitaka kununua mahali panapodai CVV. Lakini duka ulilokubali liihifadhi kadi yako haliruhusiwi kutunza CVV hata kidogo, kwa hiyo makato yake ya kila mwezi hupita bila kuiuliza. Alijiunga na huduma ya majaribio ya bure ya siku saba, akasahau kuifuta, na siku ya nane wakamkata. Sasa akimaliza kulipa huhamishia fedha iliyobaki kwenye akaunti ya akiba ya M-Shwari, na majaribio huyafuta siku ileile anapojiunga, maana mara nyingi huduma yenyewe huendelea mpaka siku zake ziishe.

Na hakuna kadi inayokusaidia ukimtajia mtu kwenye simu namba ya uthibitisho uliyotumiwa. Kwenye madai ya namna hiyo benki nyingi husema wewe ndiye uliyeidhinisha.

Nirudi kwenye kadi yangu niliyoisimamisha. Mkono ulikuwa kwenye kitufe cha kuifuta kabisa nilipokumbuka kwamba nilikuwa nalidai duka fedha ya mguu mmoja wa cherehani uliokosekana kwenye mzigo, dola 8, na marejesho hurudi kwenye kadi ileile iliyolipa. Kadi ikishafutwa, fedha hiyo inaning'inia, na unaanza kupigiana simu na duka, kisha na kampuni ya kadi, ukitaja namba ambayo hata wewe huioni tena. Niliuliza huduma kwa wateja, wakaniambia kadi iliyosimamishwa haitoi lakini inapokea. Nikaiacha hivyo siku kumi na mbili. Shilingi 21,600 zikaingia, juu ya 800 zilizokuwa zimebaki. Nikazihamishia 22,400 zote kwenye pochi, nikapiga picha ya skrini ya miamala, ndipo nikaifuta.