Kwa Babu, kutoka Sipi

Babu, shikamoo. Habari za harusi ya Zaituni na ile barua ya kazi iliyofika juzi utazipata kwa mama. Mimi kuna swali limenikaa rohoni tangu mchana.

Nimefika Sipi salama. Ukitoka Mbale barabara inapanda ubavu wa Mlima Elgon, na baridi inakupokea kabla hujayaona maji. Maporomoko yako matatu. La chini ndilo refu, karibu mita 100, na mvumo wake unafika mpaka kwenye nyumba hii niliyopokewa, katikati ya migomba na mibuni.

Nilimkuta bibi mwenye nyumba akishughulika na kahawa. Matunda mekundu alikuwa ameyamwaga kwenye ndoo ya maji, akaondoa yaliyoelea, maana hayo huwa matupu au yameliwa na mdudu. Mengine alishayamenya jana, na punje zake zililala kwenye beseni zikichacha. Akanishika mkono na kuutumbukiza humo.

"Zinateleza au zinakwaruza?"

"Zinateleza."

"Basi bado."

Akanieleza kwamba ule ute lazima uishe wenyewe. Huku juu kuna baridi, kwa hiyo huchelewa kuliko kule bondeni. Punje zikianza kukwaruza kama changarawe, zinaoshwa hapo hapo na kuanikwa kwenye vichanja vya waya. Zikiachwa kupita hapo hunuka siki, na harufu hiyo haitoki hata ukikaanga namna gani.

Ndipo akaniuliza, mkono wangu ukiwa bado beseni:

"Babu yako alipanda nini?"

"Babu alikuwa reli, Jinja."

"Sikuuliza kazi. Alipanda nini?"

Nikanyamaza. Akaendelea kuosha, wala hakusema kwa ubaya. Mibuni ya nyuma ya jiko ilipandwa na baba mkwe wake, na mpaka leo wanaichuma. Lakini Babu, nimelirudia swali hilo njiani kwenda kwenye maji, nimelirudia nikila, na kila mara naisikia sauti yake: alipanda nini? Liliniuma kwa ajili yako. Miaka yote ile ya kuhamishwa kutoka stesheni hadi stesheni, ungepanda wapi?

Jioni wingu lilipofunika mlima nikakumbuka mfenesi wa nyuma ya nyumba yetu Walukuba. Nilifurahi peke yangu mpaka nikacheka. Tumekula mafenesi yake tangu utotoni, tumeuza mengine barabarani, ada ya Zaituni ya muhula mmoja ilitoka pale. Wala hakuna aliyewahi kuniambia nani aliupanda mti ule. Ni wewe, au uliukuta? Niambie, nataka kumjibu bibi kesho kabla hajaanika.

Mama anasema vidonge vyako vya presha vimebaki vichache. Usivigawe nusu nusu kama mwezi uliopita. Umtume Hamisi akalete vingine asubuhi na mapema.