Neno la mlangoni

Jumanne, saa nne usiku

Leo nimefunga hesabu ya jaribio langu la P.S. Kwa asiyenijua: nauza kahawa. Buni zinatoka Moshi, nakaanga Dar es Salaam, na wateja ninaowawinda ni hoteli ndogo za Unguja. Hodi yangu ya kwanza huwa ni barua pepe. Miezi kadhaa nyuma rafiki yangu anayeandika matangazo alisoma barua zangu akaniambia zimekosa mstari mmoja tu, ule wa P.S. chini ya jina. "Huo ndio watu wanaousoma kwanza," akasema, kama vile amekaa na kila meneja akisoma.

Nilimbana anieleze kalitoa wapi. Kumbe ni habari ya barua za karatasi. Mjerumani mmoja, Siegfried Vögele, alifuatilia kwa kamera mwendo wa macho ya watu wanaposoma barua za matangazo, akaona wengi huruka chini kutazama nani kasaini, na wakiwa hukohuko husoma P.S. kabla hawajarudi juu. Inaeleweka. Karatasi ukiikunjua, ukurasa mzima uko mbele yako, na kilichokaa peke yake karibu na jina kinavuta jicho.

Lakini meneja wa hoteli anasoma kwenye simu, amesimama mapokezi. Anaona kichwa cha barua na maneno machache ya mwanzo. Akifungua, anaona sehemu ya juu. P.S. iko chini kabisa, na hawezi kuisoma kwanza kwa sababu hata haijui kama ipo. Kwa hiyo kabla ya kujiuliza P.S. iseme nini, nililazimika kukata barua yenyewe. Ilikuwa na maneno kama 240: historia ya shamba, mwinuko, majina ya ladha nilizozipenda mimi. Nikaishusha hadi 90 hivi. Sasa mtu akisukuma kidole mara moja amefika kwenye jina langu, na P.S. anaikuta.

Kisha nikaanza kukosea.

Kosa la kwanza lilikuwa sifa. Nilisikia P.S. nzuri ni ile inayoonyesha kwamba unamjua mtu, basi nikaandika: "P.S. Nimelipenda sana baraza lenu linalotazama bahari." Nikaipeleka kwa hoteli kumi na mbili, nikiamini kwamba Unguja kila baraza linatazama bahari. Meneja mmoja wa Mji Mkongwe akajibu siku ileile: "Ndugu yangu, sisi hapa tunatazama ukuta wa jirani. Karibu uuone." Nilicheka, kisha nikaona aibu. Sifa ikiwa haijatoka kwenye kitu ulichokiona kweli, hapo chini haina pa kujificha. Ingekuwa katikati ya aya labda ingepita.

Kosa la pili lilikuwa tangawizi. Niliandika: "P.S. Tuna pia chai ya tangawizi." Nikapata jibu zuri, la haraka, la furaha, likiuliza bei ya tangawizi. La kahawa hakuna. Barua nzima ilikuwa inaomba kitu kimoja, mkia wake ukaomba kingine, na mkia ukashinda. Tangawizi yenyewe nilikuwa naichukua kwa jirani.

Hapo ndipo nikakumbuka wageni wa nyumbani kwetu. Mtu anakuja, anakaa, mnaongea mvua na watoto, anaaga, anavaa viatu, na akiwa mlangoni kabisa ndipo anasema, "Ee, halafu shangazi, lile jembe bado mnalo?" Jambo lenyewe ni dogo, linajibika kwa neno moja, na hakuna anayeona uzito kulijibu kwa kuwa mgeni ameshasimama. Nikasema P.S. yangu iwe hivyo.

Katika barua naomba ruhusa ya kupeleka sampuli ya robo kilo Jumatano. Chini, baada ya jina, nikaweka:

"P.S. Hapo hotelini mnasaga kahawa wenyewe, au mnapokea iliyokwisha kusagwa? Nikijua nitaleta inayofaa."

Tazama tofauti yake na tangawizi. Haifungui mlango mwingine, inarahisisha uleule. "Lete sampuli" ni uamuzi, pengine lazima amuulize mwenye hoteli. "Tunanunua iliyosagwa" ni habari tu, hata kijana wa jikoni anaijua.

Nilituma barua 80, zile za ukutani na za tangawizi siziingizi humu. Arobaini zilikuwa na P.S. hiyo, arobaini hazikuwa nayo. Maneno mengine yote yaleyale, saa ileile ya asubuhi. Waliojibu: watano wenye P.S., watatu wasio nayo. Rafiki yangu alipiga makofi. Mimi sikupiga. Tofauti ni watu wawili, na watu wawili wanaweza kuwa ni meneja aliyekuwa likizo na mwingine aliyeamka vizuri. Nimepiga hesabu: kutofautisha kwa uhakika wa kuridhisha majibu nane kwa mia na kumi na mawili kwa mia, ningehitaji kama barua 900 kila upande. Orodha yangu yote haifiki mia mbili.

Kilichonifundisha zaidi ni yale majibu matano yenyewe. Manne yalijibu swali la kusaga, nalo lilikuwa kwenye P.S. peke yake, kwa hiyo nina ushahidi kwamba wamefika chini. Mawili hayakuwa na salamu wala jina. Moja lilisema tu: "Iliyosagwa." Neno moja, lakini kwangu ni kubwa. Hoteli hiyo haina mashine ya kusagia. Kahawa iliyosagwa hupoteza harufu upesi pakiti ikishafunguliwa, kwa hiyo nisimuuzie mfuko wa kilo tano. Nimpe pakiti ndogo, kila wiki, kwa boti. Barua yangu ya pili kwake ilianzia hapo, na sampuli ameipokea.

Nilijaribu pia kufikiria P.S. ya kuharakisha, "ofa inaisha Ijumaa". Sina ofa inayoisha Ijumaa. Nikiitunga, Jumatatu meneja ataniuliza bei na nitampa ileile, naye atajua. Tarehe ya kweli ninayo moja: wakati wa masika hoteli nyingi hupunguza wageni na manunuzi, basi mwezi wa tatu nitaweza kuandika kwamba nafunga oda za kabla ya mvua siku fulani. Hiyo itakaa vizuri.

Jambo la mwisho, la kiufundi, lililonipotezea jioni nzima. Nilikuwa naweka P.S. chini ya sahihi yangu, ile yenye namba ya simu na nembo. Kwa barua ya kwanza haina shida sana, ila ukimwandikia mtu tena katika mazungumzo yaleyale, Gmail hukunja ndani ya vinukta vitatu kile inachokiona ni marudio, na sahihi inayojirudia ni chakula chake. P.S. iliyo chini yake inaweza kuzama nayo. Sasa mpangilio wangu ni jina, P.S., kisha ndiyo namba na nembo.

Na kwa waliokwisha kunijibu siiweki tena. Mtu tunayeongea naye nikiwa na swali namuuliza juu kabisa, mstari wa kwanza. Yule wa ukutani nimemwandikia hivyo leo mchana: "Kaka, Alhamisi nipo Mji Mkongwe. Nije niuone?"