D16 hazipatikani, nikaomba D12

Watu wangu wa Kisumu, wiki hii hadiwea zote nimepiga simu chuma za D16, zile za unene wa milimita 16, hakuna na bimu inangoja. Fundi akasema weka tu D12 tano badala ya D16 tatu, iko karibu. Nikakataa, karibu si sawa. D16 tatu zina eneo la milimita mraba 603, D12 tano ni 565 hivi, zimepungua, lakini sita zinafika 679.

So nikamwandikia injinia: "Habari injinia, D16 zimeisha sokoni, naomba ruhusa tutumie D12 sita chini ya bimu, gredi ya chuma ni ile ile." Gharama nikapima kwa kilo: tatu za D16 ni kama kilo 4.74 kwa mita, sita za D12 ni 5.33, yaani chuma inapanda asilimia 12 hivi, na mama mwenye nyumba nikamwambia mapema akakubali.

Injinia akauliza kitu moja, bimu ni upana gani? Milimita 200. Akasema sita kwa mstari mmoja hapana, nafasi kati yake inabaki kama milimita 12 na balasti yetu ni ya 20, itakwama juu na chini kuwe na mashimo. Tupange tatu juu ya tatu, vipande vya chuma cha milimita 25 katikati. Chuma za juu zinapoteza nguvu kidogo, akapiga hesabu tena ikapita, akaandika ruhusa kwa kitabu cha saiti na kusaini. Kesho tunamwaga.